Kijerumani B1: moduli ya kuandika imenikwamisha kwa 49, nafanya shifti. Ratiba ya msamiati na sarufi ya kila siku iweje?

NesiGMboto

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni muuguzi hapa Dar, naishi Gongo la Mboto. Nilifanya mtihani wa Goethe B1. Kusoma nimepata 78, kuzungumza 71, kusikiliza 66, kuandika 49. Kama mnavyojua, kila moduli inataka 60 na kila moja inasimama peke yake, kwa hiyo narudia kuandika tu. Nina wiki kumi.

Siyo kwamba sisomi. Kwenye Anki, ile programu ya kukariri kwa kadi, nina kadi kama 1,500 na nyingi nazijua. Nikiona *die Einladung* najua ni mwaliko. Tatizo nikikaa mbele ya karatasi tupu, neno linakataa kuja, au linakuja bila kujua ni der, die au das. Halafu wiki za shifti ya usiku zinaniua. Juzi nimetoka usiku, nafungua programu nakuta nadaiwa kadi 640. Nikaifunga nikalala.

Siku ya shifti ya mchana nina saa moja kwenye daladala (mara nyingi nimesimama), dakika chache za chai, na kama nusu saa usiku watoto wakishalala. Basi. Nipangieni, mliopita hapa.

Zero_Distance

Dada, B1 ni kama maneno 2,400, orodha yao ipo mtandaoni bure. Gawa tu. Maneno 50 kwa siku, mwezi na nusu hivi umemaliza, zinazobaki ni wiki za marudio. Sarufi itakuja yenyewe ukishakuwa na maneno. Mimi A2 nilipita hivyo.

Kwa_Saksonia

Mkuu Zero, orodha ipo kweli na hesabu yako ya 2,400 iko sawa. Ila maneno mapya 50 kwa siku yanavutia mpaka wiki ya pili. Kila kadi mpya inarudi kesho, inarudi keshokutwa, inarudi wiki ijayo. Mimi niliweka 30 nikiwa nafanya kazi ya duka Morogoro, wiki ya tatu nikawa nadaiwa kadi 250 kila siku ninayoamka. Huyu tayari ana deni la 640, unamwongezea mkopo juu ya mkopo.

Halafu hajasema hana maneno. Soma tena, kusoma kapata 78.

Baba Tausi

Nesi, wakala gani umepitia? Mimi kuna mmoja anataka milioni tatu kwa ajili ya mkataba wa Ausbildung, yale mafunzo ya kazi ya Ujerumani, kabla hata sijaanza A1. Nitume au nisitume?

NesiGMboto

Baba Tausi, uzi huu ni wa ratiba ya kusoma kaka yangu. Ila kwa A1 ambayo hujaanza, hiyo hela kaa nayo kwanza.

Mwalimu Kadogo

Nimefundisha Kijerumani miaka kumi na sita, Nairobi na sasa Arusha. Binti, kabla ya ratiba naomba kitu kimoja: andika hapa barua pepe fupi kama ile ya swali la kwanza, kwa rafiki, bila kamusi na bila kurekebisha. Sentensi nne zinatosha. Mambo ya kueleza: kwa nini hukufika kwenye sherehe yake, na pendekeza mkutane lini.

NesiGMboto

Shikamoo mwalimu. Msinicheke:

*Liebe Anna, ich kann nicht kommen zu deine Party, weil ich habe gearbeitet in der Nacht. Es tut mir leid. Wir können uns treffen in Samstag. Ich warte für dein Antwort.*

Mwalimu Kadogo

Marahaba. Hakuna wa kucheka. Anna ataelewa kila kitu, na ndiyo maana kuzungumza umepata 71. Sasa iweke sawa tuone umeteleza wapi:

*Liebe Anna, ich konnte nicht zu deiner Party kommen, weil ich in der Nacht gearbeitet habe. Es tut mir leid. Wir können uns am Samstag treffen. Ich warte auf deine Antwort.*

Angalia: hakuna hata neno moja la maana lililokosekana. *Party, Nacht, gearbeitet, treffen, Antwort*, yote unayo. Kilichovunjika ni viunganishi vya maneno hayo, na vimevunjika kwa namna tatu tu.

Ya kwanza ni mahali pa kitenzi. Kwa Kiswahili unasema "nilifanya kazi usiku", na ukitanguliza "kwa sababu" sentensi haihami: "kwa sababu nilifanya kazi usiku". Kwa Kijerumani *weil* inakisukuma kitenzi kilichonyambuliwa mpaka mwisho kabisa: *gearbeitet habe*. Na hata bila *weil*, ukiwa na *können* kile kitenzi cha pili kinaenda mwisho: *am Samstag treffen*. Hilo ni kosa moja ulilolifanya mara tatu, kwenye *kommen*, kwenye *habe* na kwenye *treffen*.

Ya pili ni kile kineno kinachofuatana na kitenzi. "Warte für" umeitoa kwenye Kiingereza, siyo kwenye Kiswahili. Kiswahili kinasema "nasubiri jibu lako", hakina kineno chochote hapo. Maana yake kichwani unasafiri Kiswahili, Kiingereza, ndipo Kijerumani, na kituo cha kati kinakupa tiketi ya uongo. *In Samstag* nayo ni jamaa yake: siku za wiki zinachukua *am*.

Ya tatu ni jinsi ya nomino. *Antwort* ni *die*, kwa hiyo *deine*. *Party* ni *die*, na baada ya *zu* inakuwa *deiner*.

Ile *kann* iliyotakiwa kuwa *konnte* ni ya wakati uliopita, naiacha kwa leo.

Sasa kadi zako 1,500: upande wa mbele kuna nini?

NesiGMboto

Kijerumani mbele, Kiingereza nyuma. Nilipakua zimeshatengenezwa. Nyingi ni neno moja moja.

Mwalimu Kadogo

Ndiyo hapo. Umejizoeza miezi kutambua, halafu mtihani wa kuandika unakuomba utoe. Ni kama mtu anayewatambua majirani wote kwa sura lakini ukimwambia amwite mmoja hajui jina.

Ushauri wangu: hizo 1,500 usizifute, ila usiziongeze. Anza fungu jipya dogo, mbele Kiswahili, nyuma Kijerumani, na kila kadi iwe sentensi fupi unayoweza kuisema kazini au nyumbani. Kadi mpya 8 kwa siku, siku tano za wiki, wiki nane. Ni kadi 320. Wiki mbili za mwisho hakuna kipya. Mia tatu na ishirini unazoweza kuzitoa kichwani zitakusaidia kwenye kuandika kuliko elfu moja unazozitambua tu.

Kwa jinsi ya nomino kuna ujanja ambao nawapa wanafunzi wangu. Usiandike *der Termin*. Andika sentensi inayoanza na *Ich brauche*:

*Ich brauche einen Termin.*
*Ich brauche eine Spritze.*
*Ich brauche ein Pflaster.*

Nimechagua *brauchen* kwa sababu ukiweka *ein* mwanzoni mwa sentensi kama mtendaji, der na das zinafanana, zote ni *ein*. Baada ya *brauchen* zinaachana tatu: *einen, eine, ein*. Sikio linasikia jinsi bila wewe kukariri jedwali.

Ninyi Waswahili mna bahati hapa. Neno "nyumba" likisimama peke yake halikuambii kama ni moja au nyingi, wala halina kiambishi cha kukuonyesha ngeli kama kilivyo ki- cha kiti. Unajua kwa jirani zake: nyumba *yangu*, nyumba *zangu*. Hakuna mtoto aliyekariri "nyumba, ngeli ya I-ZI". Amesikia "nyumba yangu" mara elfu. Nomino ya Kijerumani ifundishe hivyo hivyo, isikae peke yake kwenye kadi.

Zero_Distance

Lakini mwalimu, mbona kuna kanuni? Maneno yanayoishia -ung ni die, yanayoishia -e ni die. Ukijua hizo umemaliza nusu ya lugha.

Mwalimu Kadogo

-ung ishike, pamoja na -heit, -keit, -schaft na -tion, zote ni die, na -chen ya kudogosha ni das. Hizo hazitakusaliti kwenye maneno ya B1. Ila -e ni rafiki wa kando. *Die Lampe, die Woche* sawa. Halafu kuna *der Name, der Kollege, das Ende, das Auge*. Ukilazimika kubahatisha tumia die, lakini kwenye kadi usiandike kwa kubahatisha.

Mpwani_Diani

Mimi nafanya kazi hotelini Diani, Kijerumani nimekiokota kwa wageni, siyo darasani. Naongea nao mpaka usiku, wananiuliza niliishi Ujerumani miaka mingapi. Nimejaribu karatasi ya mfano ya kuandika, rafiki mwenye B2 akasahihisha, ilijaa wino mwekundu tupu. Mgeni hakusahihishi. Ukisema *ich warte für Sie* anacheka anasema sehr gut.

Kwa hivyo mimi naona kadi haitatosha dada. Ni lazima uandike, na mtu akusahihishe.

Kwa_Saksonia

Mpwani kasema kweli, nami niseme nilivyofanya kabla sijaja huku Leipzig. Kila siku sentensi nne tu kuhusu siku yangu. Nne, siyo ukurasa. Ila kila wiki sentensi zote zilikuwa na umbo moja. Wiki ya *weil*, zote zina *weil*. Wiki ya *obwohl*, zote *obwohl*. Wiki ya vitenzi vinavyokatika kama *anrufen* na *absagen*, zote za namna hiyo: *Ich rufe dich morgen an.* Kufikia siku ya nne mkono unapeleka kitenzi mwisho kabla hujafikiri.

Jumamosi dada mmoja aliyenitangulia darasa alinisahihishia zote kwa pamoja, dakika ishirini. Kila sentensi niliyokosea, ile iliyosahihishwa ndiyo ilikuwa kadi mpya. Sikutafuta maneno kwenye orodha. Kadi zangu zilikuwa makosa yangu mwenyewe.

(Nikafika huku nikakuta mabibi wodini wanaongea lafudhi ya Saksonia, nikahisi sijasoma hata siku moja. Hiyo ni stori ya uzi mwingine.)

NesiGMboto

Hii nimeipenda, kadi zitoke kwenye makosa. Sasa deni la 640 na shifti za usiku nifanyeje? Na daladala sipati mkono wa kuandika, mkono mmoja umeshika bomba.

Kwa_Saksonia

Daladala ni ya kurudia tu. AnkiDroid haihitaji bando, kadi zimo kwenye simu. Soma Kiswahili, itamke Kijerumani moyoni mpaka mwisho, ndipo ugeuze. Usigeuze kabla hujamaliza sentensi. Na ukikosea *einen* ukasema *eine*, bonyeza `Again`. Usijionee huruma na `Hard`, kwa sababu `Hard` programu inaihesabu kuwa umepata.

Deni: ingia kwenye mipangilio ya fungu la zamani, weka

```
New cards/day: 0
Maximum reviews/day: 60
```

Unalipa 60 kwa siku mpaka liishe. Tahadhari moja: hicho kikomo kinaficha deni, hakilifuti. Kama zinazoingia kila siku ni zaidi ya 60, rundo linakua huku skrini inakuambia umemaliza. Kwa kuwa huongezi kadi mpya kwenye fungu hilo zitapungua, lakini kila wiki angalia jumla.

Wiki ya usiku: kipya sifuri kwenye mafungu yote mawili. Rudia unachoweza kabla ya kwenda kazini, siyo baada ya kutoka. Mimi nikitoka usiku nilikuwa nakosea kadi nilizozijua kama jina langu, halafu programu inazirudisha mwanzo, kesho yake zinaongeza deni.

Mwalimu Kadogo

Naafiki, na naongeza: kuna kadi zitakazokukataa. Ukiikosea moja mara nane, Anki kwa kawaida inaipa alama ya `leech`, na kutegemea mipangilio yako inaweza pia kuisimamisha. Usiirudishe kwa nguvu. Mara nyingi kadi yenyewe ni mbovu. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika mbele "kujua", nyuma *wissen*, na kila siku alijibu *kennen*. Alikuwa sahihi! "Kujua" ya Kiswahili inabeba zote mbili. Tulipoandika "Najua anakaa wapi" ikawa *Ich weiß, wo er wohnt*, na "Namjua dada yako" ikawa *Ich kenne deine Schwester*, hakukosea tena. Vivyo hivyo "kwenda": kwa miguu ni *gehen*, kwa basi ni *fahren*. Sentensi ya Kiswahili lazima iseme amekwenda na nini.

Mpwani_Diani

Hapo ndipo siafikiani na Kiswahili mbele. Vitabu vyote na orodha zote ziko kwa Kiingereza, na kamusi nzuri za Kijerumani–Kiingereza zimejaa. Mtu wa shifti atatoa wapi muda wa kutafsiri?

Mwalimu Kadogo

Kwa kadi 1,500 hawezi. Kwa 8 kwa siku, tena sentensi zake mwenyewe, anaweza. Ila nakubali kuna wanafunzi wangu waliofaulu kwa Kiingereza mbele. Wengi wao ni waliosoma shule za Kiingereza tangu chekechea.

NesiGMboto

Basi nimepanga hivi, mnikosoe. Daladala ya kwenda, kurudia fungu jipya. Ya kurudi, zile 60 za zamani. Muda wa chai, sentensi nne nyuma ya karatasi, umbo moja kwa wiki, naanza na *weil*. Usiku nusu saa: dakika kumi kusoma kanuni ya umbo hilo, zinazobaki kutengeneza kadi 8. Jumamosi naandika swali zima. Wiki ya usiku ni kurudia tu.

Mwalimu Kadogo

Ratiba nzuri. Kwenye Jumamosi weka saa. Moduli ni dakika 60 kwa maswali matatu: barua kwa rafiki maneno kama 80, maoni maneno kama 80, na barua rasmi kama 40. Mawili ya kwanza yana alama 40 kila moja, la tatu 20. Barua ya kwanza ipe dakika 20, maoni 25, ya mwisho 15. Watu wengi huipamba barua ya kwanza mpaka dakika ya 35, halafu ile rasmi wanaiandika kwa kukimbia na kumwita mkurugenzi *du*.

Na lingine ambalo sarufi haiwezi kuliokoa: swali la kwanza linakupa mambo matatu ya kueleza. Ukiacha moja, unakatwa hata kama sentensi zako ni safi. Na ukiandika nje ya mada kabisa, swali zima ni sifuri. Weka tiki kando ya kila jambo ukishaliandika.

Baada ya kusahihishwa, hesabu makosa kwa mafungu yale matatu: kitenzi, kineno, jinsi. Usihesabu jumla peke yake. Jumla inaweza kubaki ile ile huku fungu moja limekufa.

Baba Tausi

Samahani kurudi. Cheti cha Goethe kinaisha muda baada ya miaka miwili, si ndiyo? Nisije nikawahi bure.

Kwa_Saksonia

Cheti chenyewe hakina tarehe ya kuisha. Anayekipokea ndiye anaweza kusema hataki cha zamani kupita muda fulani, kwa hiyo waulize wao. Na milioni tatu usitume.

NesiGMboto

*Wiki tano baadaye*

Wakuu, nimerudi. Nilikuwa na wiki moja ya usiku katikati, sikuongeza kadi hata moja na sikurudia siku mbili kabisa. Fungu jipya lina kadi 151. Deni la zamani limeshuka mpaka 90 na kitu.

Jumamosi ya kwanza, swali la kwanza: kitenzi makosa 6, kineno 4, jinsi 9. Jumamosi hii: kitenzi 1, kineno 2, jinsi 8. Yaani *weil* sasa inatoka yenyewe, juzi nimeandika *weil der Patient keinen Termin hatte* wala sikufikiri. Lakini jinsi imegoma. Kwenye kadi napata, kwenye karatasi nakosa.

Mwalimu Kadogo

Hizo 8, ni kwenye maneno yaliyomo kwenye kadi zako au mapya?

NesiGMboto

Nimehesabu sasa hivi. Matano yamo. *Termin* yenyewe nimeandika *mit eine Termin*.

Mwalimu Kadogo

Basi kadi zako zote ni za *Ich brauche*, na *mit* hujawahi kuisikia na neno hilo. Wiki hii usiongeze neno jipya lolote. Chukua nomino ishirini unazozijua, kila moja iandikie kadi ya pili yenye *mit* au *nach* au *bei*: *nach dem Termin, mit der Spritze, mit dem Pflaster.*

Kwa_Saksonia

Mwalimu, mimi ningemwambia aachane na jinsi ya nomino, apeleke nguvu kwenye maoni na barua rasmi. Zimebaki wiki tano. Kosa la *eine* badala ya *einem* haliharibu maana, na wasahihishaji wa B1 wanalivumilia kuliko kitenzi kikikaa pabaya.

Mwalimu Kadogo

Likiwa moja moja, ndiyo. Nane kwenye maneno 80 ni moja kila mstari.

NesiGMboto

Nitafanya *mit* kwa wiki moja, halafu barua rasmi. Kesho naingia usiku, kwa hiyo nianze Jumatano.